Lulu anamaliza sufuria ya maji kwa siku: ni uzee, figo au sukari?

Mpendwa Daktari,

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 67, naishi nje kidogo ya mji wa Moshi. Nina mbwa jike anaitwa Lulu, mwaka huu anatimiza miaka 11. Alikuwa mbwa wa marehemu mume wangu, na mpaka leo jioni huenda kukaa pale getini alipozoea kumsubiri.

Tangu masika yaishe anakunywa maji kupita kiasi. Namwekea sufuria ya lita 3 uani asubuhi, jioni naikuta tupu. Usiku analala barazani, na alfajiri nakuta dimbwi la mkojo, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Kula anakula, ugali na dagaa kama siku zote, ingawa siku mbili tatu hizi anakinusa chakula kwanza kabla ya kukigusa. Macho nayo yameingia rangi ya buluu.

Jirani anasema ni uzee tu. Mlinzi wa jirani anasema si kisukari, kwa sababu sisimizi hawaufuati mkojo wake. Nimeanza kumwondolea maji kuanzia saa 12 jioni. Dimbwi limepungua kweli, lakini juzi nilimfuma anakunywa maji ya sabuni kwenye beseni la nguo. Niseme pia kwamba mwezi wa 4 alikuwa anachechemea, nikampa diklofenaki zangu, nusu kidonge asubuhi na jioni kwa wiki mbili, akapata nafuu.

Bwana mifugo alikuja, akasema apimwe damu na mkojo. Kliniki ya mjini imenitajia bei inayokaribia laki mbili. Mwanangu wa Dar, ndiye anayenitumia fedha, ameniambia: "Mama, laki mbili kwa mbwa wa miaka 11? Achomwe sindano apumzike." Fedha niliyonayo ni ya sare na michango ya shule ya mjukuu. Sitaki Lulu ateseke, wala sitaki mwanangu anione nimechanganyikiwa. Nifanyeje?

Mama wa Moshi

---

Shikamoo mama. Pole kwa Lulu, na pole kwa simu ile ya Dar.

Ninaanza na maji, kwa kuwa hilo ni la usiku wa leo. Mrudishie Lulu sufuria yake, ikae hapo usiku na mchana. Najua ulichofanya ni kile ambacho mtu yeyote mwenye baraza lililolowa angefanya, na najua kimeonekana kufanya kazi. Lakini kwa mbwa wa namna hii kiu kwa kawaida ndiyo matokeo ya mkojo. Maji yanatoka kwanza, mwili unakauka, ndipo kiu inamshika ili kuyarudisha. Ukiondoa sufuria, mkojo hauachi kutoka. Unatoka ukichota kwenye maji ya mwili wenyewe. Dimbwi likipungua, maana yake ni kwamba Lulu amekauka. Beseni la sabuni limekueleza hivyo kabla yangu. Kama ni figo zilizochoka, usiku mmoja wa kiu unaweza kuzichosha zaidi kuliko mwezi mzima wa kunywa sana. Lipo dimbwi la kufuta, ndiyo. Mtandikie gunia kuukuu, na umtoe nje mara ya mwisho kabla hujalala.

Sasa tuiulize ile sufuria maswali, maana nina mashaka nayo kidogo. Iko uani, juani, na sijui kama kuku wako wanapita hapo. Nimewahi kuletewa mbwa "anayekunywa ndoo nzima" ambaye alikuwa anagawana ndoo hiyo na kuku kumi na mbili na mbuzi wa jirani. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, pima. Chukua chupa ya lita moja na nusu, jaza sufuria kwa chupa hiyo, andika umeweka kiasi gani, na baada ya saa 24 pima kilichobaki. Fanya siku tatu. Kuku wasifike hapo, na supu au maziwa utakayompa yahesabiwe pia.

Kisha tunahitaji uzito wake. Kijana mwenye nguvu ajipime kwenye mizani ya zahanati akiwa peke yake, halafu ajipime tena akiwa amempakata Lulu; tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa Lulu. Mbwa mzima hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na siku ya joto zaidi kidogo. Akifika mililita 100 kwa kilo, hapo tunasema kiu imekuwa ugonjwa. Tuseme Lulu ana kilo 22. Kiasi chake cha kawaida ni lita moja na robo hivi, na mpaka wake ni lita 2 na mililita 200. Kama kweli anamaliza lita 3 peke yake, amevuka mpaka huo mbali, na hapo neno "uzee" halitoshi. Uzee humfanya mbwa aamke polepole na asikie vibaya. Haumfanyi anywe mara mbili ya kiasi chake.

Namba hiyo ukiwa nayo, hatua inayofuata ni mkojo, na huu ndio ninaoupenda kuliko vipimo vyote, kwa sababu ni wa bei ndogo na ndio unaotenganisha figo na sukari.

Figo lina kazi nyingi, ila moja unaiona kila asubuhi: kuyabana maji yasipotee, ili mkojo utoke mchache na wa rangi nzito. Figo zina vichujio vingi vidogo vidogo, na zina akiba kubwa. Theluthi mbili ya vichujio hivyo hufa kimyakimya kabla mkojo haujashindwa kukolea. Ndipo mbwa anaanza kukojoa mkojo mwingi, mweupe kama maji, usio na harufu kali. Kisukari kinafika hapohapo kwa njia nyingine. Sukari ya damu ikipanda kupita milimoli 10 hadi 12 kwa lita, figo haziwezi tena kuirudisha yote, inamwagikia kwenye mkojo, na sukari ikitoka inavuta maji pamoja nayo. Ukiwa umekaa barazani, mbwa hawa wawili wanafanana: wote wanakunywa, wote wanakojoa, wote wanakonda. Kijiti cha kupimia mkojo kinawatenganisha kwa dakika moja.

Kuhusu sisimizi wa mlinzi: hakosei kabisa. Wazee waliugundua utamu wa mkojo kwa njia hiyo muda mrefu kabla ya maabara. Sisimizi wakijaa kwenye dimbwi, hiyo ni dalili ya kuifuatilia. Wasipokuja, hujajua kitu. Pengine baraza limepigwa deki kwa dawa, pengine mvua imenyesha, pengine hakuna kichuguu karibu.

Namna ya kuupata mkojo: alfajiri, kabla hajanywa wala kula, mtoe nje akiwa kwenye kamba. Funga upawa kwenye fimbo, na Lulu akichutama upitishe kwa nyuma taratibu. Vijiko vitatu vya chakula vinatosha. Mimina kwenye kichupa safi kilichokauka, na kisiwe kilichowahi kuwa na soda, asali wala dawa ya kikohozi, maana kijiti kitasoma sukari ya kichupa na sisi tutamsingizia mbwa. Ufike kwa daktari ndani ya saa mbili, au ukae kwenye friji hadi utakapoondoka.

Hapo mwombe daktari afanye mambo mawili, usikubali moja peke yake. La kwanza ni kijiti: kinaonyesha sukari, protini, damu, na ketoni, yaani taka zenye sumu zinazojaa mwilini kisukari kikizidi. La pili ni tone moja kwenye refraktomita, kile kidarubini kidogo kinachopima uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Vijiti vingi vina kiboksi cha kupima uzito huo pia, lakini kwa mbwa kiboksi hicho hakiaminiki. Maji matupu husoma 1.000. Mbwa ambaye figo zake zinabana maji vizuri anaweza kuvuka 1.030. Figo zilizoshindwa hutoa mkojo unaoganda kati ya 1.008 na 1.012, siku nenda siku rudi, kama vile hazikuufanyia chochote.

Na sharti moja, mama: mkojo huo uchukuliwe kabla ya dripu na kabla ya sindano yoyote. Dripu inauzimua mkojo, na zipo sindano za mwasho na uvimbe, deksamethasoni na wenzake, ambazo zenyewe zinaleta kiu kali. Kama bwana mifugo aliwahi kumchoma kitu cha namna hiyo miezi hii, mwulize jina la dawa na umweleze daktari.

Nikupe mfano. Miaka michache iliyopita nililetewa jike wa kilo 20, umri kama wa Lulu, hadithi karibu ileile. Alikuwa anakunywa lita 2 na mililita 600, yaani mililita 130 kwa kilo. Kijiti: hakuna sukari, hakuna ketoni, protini ipo. Refraktomita: 1.010. Mpaka hapo mwenyewe alikuwa hajatumia fedha nyingi, na tayari tulijua kwamba kisukari kimetoka kwenye orodha na figo ndizo zinazoshukiwa. Ndipo tukachukua damu, tena kwa maswali machache tu: kreatinini na urea, ambazo ni taka zinazotolewa na figo, kisha sukari, fosforasi na wingi wa damu. Kreatinini ilikuwa maikromoli 210 kwa lita. Kwa madaraja manne tunayotumia kwa mbwa, chini ya 125 ni daraja la kwanza, kutoka hapo hadi 250 ni la pili, hadi 440 ni la tatu, na kupita hapo ni la nne. Kwa hiyo alikuwa daraja la pili. Kreatinini ina udhaifu wake: hupanda wakati takriban robo tatu ya vichujio imeshaondoka, na mbwa aliyekonda misuli hutengeneza kidogo, hivyo kwa Lulu mwenye mbavu zinazohesabika namba nzuri inaweza kudanganya. Ndiyo maana nasisitiza isomwe pamoja na mkojo wa siku ileile. Kreatinini iliyopanda na mkojo mzito inaweza kuwa kukauka tu. Kreatinini iliyopanda na mkojo wa 1.010 ni figo.

Kama mkojo wa mbwa yule ungesoma sukari nyingi, na damu ikatoa milimoli 22 akiwa hajala, tungezungumza habari nyingine kabisa. Nataja hili kwa sababu najua nyumba nyingi zina mashine ya kupimia sukari ya baba au ya bibi. Kwa mbwa mashine za binadamu mara nyingi husoma chini kuliko ukweli, kwa kuwa sukari imegawanyika tofauti kati ya chembe nyekundu na maji ya damu. Ikisoma 20, amini kuna tatizo. Ikisoma kawaida, usiifanye kuwa cheti.

Sasa rangi ya buluu machoni. Mbwa wengi wakizeeka lenzi inakuwa ngumu na kutoa buluu ya moshi, nao wanaendelea kuona. Mtoto wa jicho wa kisukari ni mweupe kama maziwa, na kwa mbwa huja haraka, wakati mwingine kwa wiki chache. Dondosha kipande cha pamba mbele ya Lulu, mahali penye mwanga. Akikifuata kwa macho, huenda ni moshi wa umri tu. Akianza kujigonga kwenye viti, mwambie daktari.

Kuna jambo hukuliandika, na mimi nisingeweza kulala bila kukuuliza. Lulu amefungwa kizazi? Kama hajafungwa, joto lake la mwisho lilikuwa lini? Mbwa jike hana ukomo wa hedhi kama sisi. Anaendelea kupata joto hadi uzeeni. Na wiki nne hadi nane baada ya joto, mfuko wa uzazi unaweza kujaa usaha. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hii hii, kiu na mkojo mwingi, na usaha wakati mwingine hautoki nje hata tone. Huo hausubiri siku tatu za kupima maji, unahitaji ultrasaundi na upasuaji upesi. Na hata kama ni kisukari, mbwa jike mwenye kizazi anaweza kukipata baada ya joto kwa sababu homoni za kipindi kile zinaizuia insulini isifanye kazi, na kumfunga kizazi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Vivyo hivyo, ukiona ameacha kula kabisa, anatapika, amelegea, au mdomo unatoa harufu ya mkojo au harufu tamu ya ajabu, acha chupa na vipimo vya nyumbani, mpeleke siku hiyohiyo. Kule kunusa chakula ulikokutaja kunanifanya nisitake ukae sana.

Diklofenaki nazo. Sitakugombeza, wengi wanafanya hivyo, na kuchechemea kulipungua kweli. Ila dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mbwa huumia kwa dozi ambazo kwetu ni ndogo. Siwezi kusema ndizo zilizoleta haya. Huenda figo zilikuwa zimeanza kuchoka na zikasukumwa. Usimpe tena, na umweleze daktari wazi: kiasi gani, siku ngapi. Mwambie pia kama Lulu hushambuliwa na kupe, maana ugonjwa wa erlikia wanaoubeba unaweza kuzifanya figo zivujishe protini, nao una dawa.

Tuje kwenye laki mbili na sindano ya mwanao. Nadhani ninyi wawili mnabishana juu ya kitu ambacho bado hakina jina. Yeye anaona kutoka Dar mbwa mzee anayekojoa barazani. Wewe unaona getini pale jioni. Wote wawili hamjui Lulu ana nini. Huenda bei uliyotajiwa ni ya vipimo vyote kwa pamoja. Uliza kama inaweza kugawanywa: mkojo kwanza, kisha damu kwa yale machache niliyoyataja, na ultrasaundi ikiwa tu kizazi kinashukiwa. Kliniki zingine hupeleka damu ya mbwa kwenye maabara za watu kwa kreatinini na sukari, na hilo linakubalika mradi daktari wa wanyama ndiye anayesoma majibu, kwa viwango vya mbwa.

Ukiamua kutopima kabisa, hiyo nayo ni njia, na wapo wanaoichagua kwa sababu za haki. Ungemwachia maji na kumlegezea chakula. Hatari yake ni kwamba kama ni kisukari, ugali laini haumsaidii, na atakonda hadi ketoni zimshinde, kifo kisicho cha upole. Kama ni figo za daraja la pili, ungekuwa umempokonya muda ambao huenda angeuishi vizuri. Yule jike niliyekusimulia aliishi karibu miaka miwili. Tiba yake kubwa ilikuwa sufuriani: dagaa na mifupa viliondoka, kwa sababu vina fosforasi nyingi ambayo figo zilizochoka hazitoi, vikaingia wali, nyama kidogo isiyo na mfupa, ute wa yai, mafuta kidogo na maji mengi ndani ya chakula, na damu ikapimwa kila miezi mitatu. Usibadilishe chakula cha Lulu kabla ya majibu, lakini jua si lazima iwe chakula cha kopo kutoka ng'ambo.

Kisukari kina gharama nyingine, nami nikueleze bila kuificha. Ni insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, maisha yake yote, pamoja na mlo wa saa zilezile. Vidonge vya kisukari vya binadamu havimfai mbwa. Inataka friji, na inataka mtu wa kushika zamu siku ukienda msibani Rombo. Pia kuna mtego wa mabomba: insulini ya wanyama mara nyingi ni ya uniti 40 kwa mililita, ya binadamu ni 100. Ukivuta ya binadamu kwa bomba la 40 hadi mstari uleule, umempa mara mbili na nusu, na sukari itashuka hadi atetemeke na kuanguka. Mama wa miaka 67 anaweza kuifanya kazi hii. Nimewaona wakubwa kuliko wewe wakiifanya bila kukosea. Lakini ni wewe unayeijua ratiba yako, mikono yako na mfuko wako.

Na inawezekana majibu yaje mabaya: kreatinini imepita 440, Lulu ameacha kula, anatapika. Hapo ile sindano aliyoisema mwanao inakuwa jambo la kuzungumza kwa utulivu, nyote wawili mkiwa na karatasi moja mbele yenu, na hakuna atakayekuwa mjinga. Labda umpigie na kumwambia hivyo: kwamba hujaomba laki mbili, umeomba kwanza bei ya kijiti cha mkojo.

Niandikie tena ukiwa na mambo manne: uzito wake, lita za siku tatu, kijiti na refraktomita vilisema nini, na joto la mwisho lilikuwa lini. Na hao kuku, mama, siku hizo tatu wafungie.